Imeli ya nyumba nzima ni ya mtu mmoja

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma hapa, leo nataka tugombane kidogo.

Kila msimu wa maombi ya skolashipu ukifika, huku kwenye kambi zetu za Uganda kuna shauri moja linazunguka: "Huna imeli? Weka ya kaka yako, haina shida." Anayelitoa ni jirani, ni mwenye kafe ya intaneti, na mara nyingine ni volontia mwenye tisheti ya shirika. Mimi nasema ina shida, tena kubwa, na anayeilipa ni yule mdogo wa nyumba. Mara nyingi ni msichana.

Kwanza tuelewane. Kwenye tovuti ya maombi imeli inafanya kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: ni mahali pa kupokea majibu. Ya pili watu wanaisahau: ni ufunguo. Ukibonyeza `Forgot password`, tovuti haiulizi wewe ni nani. Inatuma linki kwenye imeli, basi. Mwenye kufungua ile imeli ndiye mwenye akaunti. Hata tukiandika jina la dada juu ya fomu, kama linki inaangukia kwa kaka, akaunti ni ya kaka.

Tuchukue familia moja ya mfano. Simu ni moja, ya mama. Kaka mkubwa aliomba skolashipu mwaka jana kwa imeli yake, hakupata. Mwaka huu dada amemaliza S.6 na alama nzuri, naye anataka kuomba palepale. Wanaweka imeli ya kaka. Tovuti inakataa: "An account with this email already exists."

Hapo ndipo fundi wa kafe anasema, "Tulieni, nitaingia." Anabonyeza `Forgot password`, linki inakuja, anaingia kwenye akaunti ya kaka. Anafuta jina la kaka, anaandika la dada, anapandisha cheti cha dada. Kwa macho, kazi imeisha. Lakini namba ya ombi ni ileile ya mwaka jana. Tarehe ya kuzaliwa imekuwa ya kijivu, haibadiliki, kwa hiyo imebaki ya kaka. Cheti cha kaka bado kiko kwenye kurasa za nyuma. Anayesoma maombi ofisini ataona nini? Mtu mmoja, majina mawili, vyeti viwili. Hataona familia yenye simu moja. Ataona udanganyifu, na atalitupa ombi lile bila hata kulijibu. Dada atasubiri miezi akisema hawa watu wana ubaguzi, kumbe ombi lake halikuwahi kuwa lake.

Dalili ni rahisi. Ukifungua akaunti "mpya" na ukakuta hata kitu kimoja ambacho hukuandika wewe, simama. Usijaze. Hiyo ni akaunti ya mtu mwingine.

Kuna tovuti nyingine zinakubali imeli moja kwa watu wengi. Watu wanafurahi, lakini tatizo limehamia mbele tu. Ujumbe unakuja: "Dear applicant", thibitisha kabla ya siku saba. Applicant gani? Kaka anadhani ni yake, anajibu kwa namba yake ya ombi. Au anasoma, anaona ni ya dada, na hana haraka. Sisemi makaka wote ni wabaya. Nasema nafasi ya msichana kusoma haifai kutegemea kama kaka yake ameamka na roho nzuri. Na mwanamke aliyepeleka malalamiko kuhusu mume wake, majibu yakiangukia kwenye simu ya yule yule mume, hapo hatuzungumzii tena skolashipu.

Wajanja watasema: tumia alama ya kujumlisha. Ni kweli, kwenye Gmail ukiandika `jina+dada@gmail.com`, barua zinafika kwa `jina@gmail.com`, na tovuti nyingi zinaona ni anwani tofauti. Nyingine zinaikataa hiyo alama. Lakini hata pale inapokubalika, sanduku ni moja na ufunguo ni mmoja. Hii njia ni nzuri kwa mama anayeandikisha watoto wadogo, kwa sababu pale ufunguo unapaswa kuwa wa mama. Kwa mtu mzima haifai.

"Lakini hatuna simu!" Ndugu yangu, imeli haikai ndani ya simu. Simu moja inabeba akaunti kadhaa za Gmail, na ukimaliza unaondoa yako. Google wakidai namba ya kuthibitisha, ya mama inaweza kusaidia zaidi ya mtu mmoja, ingawa ikitumika mara nyingi wataikataa. Jua tu kwamba namba uliyoiacha pale kwa ajili ya kurudisha akaunti nayo ni ufunguo. Chagua mtu unayemwamini, na uibadilishe ukipata laini yako. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, kampuni inaweza kuiuza kwa mtu mwingine, na namba za uthibitisho zitaenda kwake. Imeli yenyewe ifungue mara kwa mara, kwa sababu Google wanaweza kufuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kuguswa.

Sasa ninyi wa mashirika. Msitikise vichwa kana kwamba kosa ni la wakimbizi peke yao. Tovuti zenu zimetengenezwa kwa nchi ambayo kila mtu ana simu mfukoni. Namba ya uthibitisho mnaituma kwa simu ya mama, mama yuko shambani, na baada ya dakika 10 imekufa. Watoto wawili wakiomba namba kwa pamoja, ya pili inaiua ya kwanza, wanajaribu mara tatu, akaunti inafungwa. Halafu mnaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawakuomba.

Na dawa mnayo tayari. Kwenye uandikishaji wa UNHCR familia ina namba yake, na kila mtu ndani ya familia ana namba yake mwenyewe. Hamkusema familia ya watu saba ni mtu mmoja kwa sababu wanakaa nyumba moja. Basi fanyeni vivyo hivyo kwenye tovuti. Mtu atambulike kwa namba yake ya uandikishaji, aingie kwa namba ya ombi na neno lake la siri, na simu iwe ya mawasiliano tu, iruhusiwe kujirudia. Kila ujumbe uwe na jina la anayeandikiwa. Na mkiona imeli moja kwenye maombi matatu, angalieni namba za watu kabla ya kusema ni wezi.

Mpaka mfanye hivyo, kazi iko kwetu. Volontia unayekaa kwenye meza ya maombi, usimwandikie mtu mzima imeli ya mwingine ili foleni iende haraka. Mfungulie yake kwanza. Neno la siri alichague mwenyewe, aliandike kwenye daftari lake, na wewe geuza uso asipate shaka. Ni dakika 15. Kama kaka amesimama pembeni akisema "weka yangu tu", mjibu kwa heshima kwamba yake tayari anayo.