Kushtakiwa kunakili memwari: barua ya kujitetea isichanganye mambo

Mwanafunzi anayeitwa mbele ya juri kwa kunakili kazi ya mwingine mara nyingi anakana yote, ao anaomba msamaha wa jumla. Njia zote mbili zinamuumiza. Anayekana yote anapoteza imani ya juri siku anapoonyeshwa ukurasa mmoja tu. Anayeomba msamaha wa jumla anajishtaki hata kwa kurasa alizoandika mwenyewe.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Bukavu aliyepeleka memwari ya kurasa 60. Anaambiwa kwamba kurasa ya 14 na ya 15 zimetoka katika memwari ya aliyemtangulia, na ripoti ya kompyuta inaonyesha kufanana kwa asilimia 31. Anajibu: «Sikuiba, nilikuwa mgonjwa, na direkta wangu aliona kazi yote.» Hapo ukweli, sababu na kilio vimefungwa pamoja. Juri itashika nini?

Barua inayofaa inaanza na ukweli peke yake. Aya 3 zinafanana neno kwa neno, hazina alama za kunukuu wala tanbihi, lakini memwari hiyo imetajwa katika orodha ya vitabu. Kuhusu ile asilimia 31, aombe ripoti nzima na kuipitia kipande kwa kipande. Hesabu hiyo inaonyesha maneno yanayofanana, haionyeshi wizi, na inaweza kuingiza hata orodha ya vitabu na manukuu yaliyowekwa vizuri. Aseme ni kurasa zipi zinazobaki baada ya kuviondoa.

Maelezo yanafuata katika aya yao. Kama alinakili aya hizo katika kaye bila kuandika zilikotoka, kisha akazichukua kama maneno yake, aseme hivyo na kuambatanisha kaye pamoja na kopi za zamani za sura hiyo. Ugonjwa uingie tu kama karatasi ya daktari ina tarehe zinazolingana. Direkta aachwe pembeni: kusoma sura si kujua kila memwari iliyo maktabani, na anayemtupia lawama anajiongezea mpinzani. Tena, maelezo hayafuti ukweli uliokwisha kukubaliwa juu yake.

Mwisho ni ombi, na hapa wengi wanaandika tu «mnihurumie». Juri haiwezi kupiga kura juu ya huruma. Aombe jambo linalolingana na kosa: kuandika upya kurasa hizo mbili, kuweka tanbihi, na kutetea kazi katika sesioni ya pili. Kabla ya kuomba, asome kanuni za chuo ajue adhabu zinazoruhusiwa, na ataje kifungu. Asiyenakili kabisa ataomba kingine: mashtaka yafutwe kwa maandishi.

Barua ipelekwe kwa sekretarieti ya fakulte katika kopi mbili, na moja irudi kwake ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa.