Mtoto kutembea siyo cheti cha kuzaliwa

Sisi tunaojitolea kutafsiri siku za usajili tunalisikia swali hili karibu kila wiki. Mtoto mdogo anafika bila kadi ya kliniki, aliyemleta hajui tarehe, na yule mwenye fomu anauliza: "Anatembea?" Akiambiwa bado, anaandika miezi kumi. Akiambiwa ndiyo, anaandika mwaka mmoja na kitu. Kalamu inapita, foleni inasogea. Tunasema wazi kwamba swali hilo lisiwe la kwanza, na peke yake lisitumike kabisa kuandika umri. Sababu tutaieleza polepole, maana siyo mambo ya kugombana, ni mambo ya kuhesabu.

Tuanze na kile ambacho hatua za mtoto zinaweza kusema kweli. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto zaidi ya 800 katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Walitaka kujua watoto wenye afya nzuri wanaanza lini kukaa, kutambaa, kusimama dede na kutembea. Hawakupata tarehe moja kwa kila hatua. Walipata dirisha, lenye upande wa mapema na upande wa kuchelewa. Kukaa bila kushikwa, dirisha ni kuanzia karibu miezi 4 mpaka 9. Kutembea mwenyewe bila kushika kitu ni kuanzia miezi 8 na kidogo mpaka 17 na nusu. Na kuna watoto wachache, kama 4 katika kila 100, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walisota kwa makalio au wakasimama moja kwa moja.

Sasa angalia hilo dirisha la kutembea. Lina zaidi ya miezi tisa ndani yake. Watoto wawili waliozaliwa siku moja, mmoja anaweza kukimbiza kuku uani na mwenzake bado yuko mgongoni kwenye kitenge, na wote wawili wako sawa. Mwingine wa miezi 9 anatembea, mwingine wa miezi 16 hatembei. Ukitumia miguu tu, huyo mdogo utamwandika mkubwa na huyo mkubwa utamwandika mdogo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linatugusa sisi. Wale watoto wa utafiti walichaguliwa kwa sababu walikuwa na afya, walinyonya, na hawakuishi kwenye njaa. Wetu wengine wamepita malaria, kuharisha, na wiki nzima za kula kidogo njiani. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuchelewa kukaa, kuchelewa kusimama, hata kuchelewa kuota meno. Upande wa mapema wa dirisha hausogei sana, kwa sababu njaa haimfanyi mtoto atembee mapema. Upande wa kuchelewa ndio unanyooka. Kwa hiyo mtoto anayetembea vizuri mwenyewe, unaweza kusema karibu kwa uhakika kwamba amepita miezi 8. Mtoto ambaye hatembei hakwambii kitu kuhusu mwisho wa umri wake. Hatua zinakupa sakafu, hazikupi dari.

Maneno ya kwanza ndiyo magumu zaidi. Wengi hutoa neno la kwanza lenye maana karibu na mwaka mmoja, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaosubiri miezi mingi baadaye. Halafu nani anahesabu? Mtoto wa kambini anasikia Kibembe kwa bibi, Kiswahili kwa majirani, Kirundi kwenye foleni ya maji. Akisema neno moja la kila lugha, ana maneno matatu, lakini mwenye fomu anayejua Kiswahili tu atahesabu moja. Na "mamama" ya kuchezesha midomo siyo sawa na "mama" ya kumwita mtu. Mtoto akiwa kimya, kwanza tujiulize kama anasikia vizuri na kama anaelewa akiambiwa "leta kikombe". Tusianze kwa kumpunguzia umri.

Wengine watasema, jamani, miezi minne mitano ina shida gani? Tuchukue mtoto mmoja wa kiume. Tumebadili vitu vichache ili asitambulike, lakini hesabu ndiyo ile ile. Alifika katikati ya Agosti 2024 na shangazi yake kutoka upande wa Fizi. Alikuwa mwembamba, anasimama akishika kitu, hatembei. Dawati likaandika kwamba amezaliwa 1 Oktoba 2023, yaani ana miezi kumi na nusu. Walimpima urefu akiwa amelala, ikawa sentimita 70.

Kwa jedwali la urefu, mvulana wa miezi 10 anahesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 68.7. Huyu ana 70, basi amepita. Hatembei, lakini kwa miezi kumi nani anatembea? Amepita tena. Kwenye karatasi huyu mtoto hana shida yoyote.

Jioni, mwenzetu mmoja akakaa na yule shangazi bila haraka. Hakumuuliza tarehe. Alimuuliza matukio, yale ambayo kila mtu wa kwao anayakumbuka.

"Shangazi, Pasaka ya mwaka ule wa uchaguzi, mama yake alikuwa amejifungua?"

"Bado. Alikuwa na tumbo kubwa, kanisani alikaa nyuma karibu na mlango."

"Na sikukuu ya uhuru?"

"Hapo mtoto yupo. Mdogo kabisa, shingo bado laini."

"Siku ya kupiga kura je?"

"Tulimweka kwenye mkeka, anakaa mwenyewe. Kutambaa bado."

Tuhesabu pamoja. Pasaka ya 2023 ilikuwa 9 Aprili. Uhuru wa Kongo ni 30 Juni. Basi mtoto alizaliwa kati ya siku hizo mbili. Uchaguzi ulikuwa 20 Desemba 2023, kwa hiyo siku ile alikuwa na miezi kati ya karibu 6 na 8 na nusu, na kukaa bila kutambaa kunaingia vizuri ndani ya dirisha. Katikati ya Agosti 2024 alikuwa na miezi kati ya 13 na nusu na 16. Tuchukue katikati, 20 Mei 2023. Huyo ni mtoto wa miezi karibu 15, siyo 10.

Rudi sasa kwenye jedwali. Mvulana wa miezi 15 anahesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 74.1, na chini ya 71.6 ni kudumaa kukali. Sentimita 70 zile zile, mtoto yule yule, na sasa yuko kwenye kundi la hatari. Hata kidonge cha vitamini A kinabadilika. Chini ya mwaka anapewa cha bluu, kuanzia mwaka mmoja anapewa chekundu, ambacho kina dozi mara mbili. Na kutembea? Kwa umri wa kweli, mwisho wa dirisha unafika mwanzoni mwa Novemba 2024. Kwa umri wa fomu, unafika Machi 2025. Hiyo ni zaidi ya miezi minne ambayo hakuna mtu angeuliza kwa nini hajatembea.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Umri ndio kipimo cha kujua kama mtoto amechelewa. Ukitumia kuchelewa kwake kukisia umri, umevunja kipimo kabla ya kupima. Mtoto aliyechelewa ataonekana mdogo, na kwa sababu ameandikwa mdogo, ataonekana hajachelewa. Ni sawa na kukata kamba kwa urefu wa mtu halafu unamwambia, umeona, umetosha kamba. Na anayepotea kwenye mzunguko huo ni yule mtoto mwenye shida hasa. Mwenye afya hapotezi kitu kikubwa.

Ni haki kusema kwamba si kila kitu kinaharibika. Mkanda wa rangi wa kupima mkono hauhitaji tarehe ya kuzaliwa. Hata uzito ukilinganishwa na urefu hauhitaji. Kwa hiyo mtoto aliyekonda sana ataonekana tu, hata fomu ikikosea. Vinavyofichika ni kudumaa na kuchelewa, vitu visivyopiga kelele. Pia tunajua wenye madawati wamechoka, watu ni wengi na kompyuta inadai tarehe kamili, haikubali "kati ya Pasaka na sikukuu ya uhuru". Hatuwalaumu kwa hilo. Lakini maswali yale ya shangazi yalichukua kama dakika kumi, na sisi tunaojua matukio ya kwetu tupo hapo hapo.

Kwa hiyo tunaomba mpangilio ubadilike. Kwanza itafutwe karatasi yoyote, hata kipande cha kadi ya chanjo, maana tarehe ya chanjo ya kwanza inasema mengi. Ikikosekana, itumike kalenda ya matukio, na kalenda hiyo tuiandike sisi vijana kwa kila eneo tulikotoka. Wa Fizi na wa Uvira hawakumbuki mambo yale yale, na wa Burundi wana yao. Maswali yaanzie kwenye mimba na kuzaliwa: tukio gani lilimkuta bado tumboni, na tukio gani lilimkuta amezaliwa. Mtoto anayemfuata na mtoto wa jirani aliyezaliwa karibu naye wanasaidia kubana zaidi. Kukaa, kutambaa na maneno vije mwisho, kwa kuhakikisha tu. Kama hesabu inasema miezi 5 na mtoto anakimbia, rudini kwenye hesabu. Kama inasema miezi 20 na mtoto hatembei, msipunguze umri. Mpelekeni akaonwe.

Na kwenye fomu, pembeni ya tarehe, liandikwe neno "makadirio" pamoja na mipaka yake. Kwa mtoto wetu ingekuwa: 20 Mei 2023, makadirio, kati ya 9 Aprili na 30 Juni. Mstari mmoja tu. Atakayempima mwezi ujao ataujua ukweli wote tulio nao, na hatadhani tarehe ile ilitoka hospitali. Wenzetu wa kambi nyingine, kama mmeshaanza kuandika matukio ya kwenu, tuleteeni hapa chini tuyaunganishe na ya kwetu.