Asilimia Inayoweza Kuufunga Ukurasa Usio na Kosa

Chukulia kituo cha afya kimoja wilayani Iramba, mkoani Singida, kilichofungua ukurasa wa Instagram ili kutangaza siku za kliniki ya shinikizo la damu, chanjo za watoto na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Ukurasa una wafuasi 640. Muuguzi mmoja anauendesha baada ya zamu, na kituo kinamlipia bando la kila mwezi. Katika kikao cha robo mwaka mjumbe wa kamati anauliza kama fedha hiyo inaleta faida. Kituo hiki na hesabu zake ni vya mfano, lakini swali lenyewe huulizwa mahali pengi, na jibu lake likikokotolewa vibaya huduma yenye manufaa inaweza kuondolewa.

Hesabu ya kawaida ya kiwango cha ushiriki ni nyepesi. Hujumlishwa vitendo vya watu kwenye chapisho, yaani kupenda, kutoa maoni, kuhifadhi na kumtumia mwingine. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya wafuasi, kisha huzidishwa kwa 100. Ugumu uko kwenye kinachoingizwa ndani ya hesabu.

Mwezi wa kwanza muuguzi aliweka machapisho 8, yakapata vitendo 20, 22, 25, 26, 28, 30, 32 na 105. Jumla ni 288 na wastani ni 36 kwa kila chapisho, sawa na asilimia 5.6 ya wafuasi. Takwimu inapendeza, ila imebebwa na chapisho moja. Lile la vitendo 105 lilikuwa picha ya kumuaga muuguzi mkuu aliyestaafu, na pongezi zilimiminika kutoka kwa ndugu, jirani na wanafunzi wake wa zamani. Halikumleta mgonjwa yeyote kliniki. Kwa ukurasa mdogo, ambako sherehe moja inaweza kubadili mwezi mzima, ni heri kupanga machapisho kuanzia dogo hadi kubwa na kuchukua idadi iliyo katikati. Hapa katikati pako kati ya 26 na 28, yaani 27, na kiwango kinashuka hadi asilimia 4.2. Hicho ndicho kinachoonyesha mwezi ulivyokuwa kwa kweli.

Hata hiyo 4.2 haijasafishwa. Ikiwa watumishi 12 wa kituo hupenda kila chapisho kwa uaminifu wa kazi, vitendo vya jamii ni 15 kati ya wafuasi 628 waliobaki, sawa na asilimia 2.4. Kukubali takwimu hiyo hakufurahishi, lakini kamati inastahili kuonyeshwa hiyo.

Jambo la pili linahusu aina ya vitendo, na hapa ndipo kurasa za afya hutofautiana kabisa na kurasa za maduka. Chapisho lililopata vitendo 32 lilieleza uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kutumia siki: unavyofanyika, unachukua muda gani, na siku unapotolewa. Lilipendwa na watu 5 tu. Waliolihifadhi walikuwa 12, na mara 15 lilitumwa kwa mtu mwingine kwa ujumbe binafsi. Anayehesabu kupenda na maoni peke yake ataona asilimia 0.8 na kuamuru mada hiyo iachwe. Anayehesabu vyote ataona asilimia 5. Tofauti hiyo inatokana na haya ya kibinadamu. Anayependa chapisho huonekana na jirani, shemeji na mwajiri. Anayelihifadhi haonekani na yeyote, na mwenye ukurasa huona idadi tu bila majina. Mgonjwa wa virusi vya UKIMWI, mwanamke mwenye fistula au kijana anayetafuta uzazi wa mpango hawezi kulaumiwa kwa kutokubonyeza moyo mwekundu hadharani. Kwa mada za namna hii ukimya wa nje si dalili ya ugonjwa wa ukurasa.

Kiwango cha ukuaji wa wafuasi nacho kina mtego wake. Hutafutwa kwa kutoa wafuasi wa mwanzo wa mwezi kutoka kwa wale wa mwisho, kisha kugawanya tofauti kwa wale wa mwanzo. Ukurasa huu ulianza na 600 ukamaliza na 640; 40 kwa 600 ni asilimia 6.7. Wafuasi hao hao 40 kwenye ukurasa wenye watu 60,000 wasingefika hata asilimia 0.1, na kwenye ukurasa wenye 20 wangekuwa asilimia 200. Kwa hiyo mdogo asijilinganishe na mkubwa kwa asilimia hii, wala asitumie mwezi mmoja. Miezi 3 ni afadhali, tena ikilinganishwa na majira yale yale ya mwaka uliotangulia. Mvua za Desemba zinapowapeleka watu mashambani, simu hupumzika.

Mwezi wa pili muuguzi, akitaka kuiridhisha kamati, alitangaza zawadi ya sabuni kwa atakayewataja marafiki watatu. Wafuasi walifika 1,040, ukuaji wa asilimia 62.5. Kikao kilishangilia. Mwezi wa tatu chapisho la katikati lilipata vitendo 29, na 29 kwa 1,040 ni asilimia 2.8. Mjumbe yule yule akasema ukurasa unakufa, bando likatwe.

Lakini vitendo vilikuwa vimeongezeka, kutoka 27 hadi 29. Kilichovimba ni idadi inayogawanya. Takwimu za miji ya wafuasi, ambazo mwenye akaunti ya kitaalamu anaweza kuzifungua, zingeeleza sababu: awali wafuasi 448 kati ya 640, asilimia 70, walikuwa wa Singida, kati ya 400 waliofuata sabuni, 30 tu ndio wa mkoa huo, na sehemu ya Singida ikawa asilimia 46. Mtu wa Mbagala hatapanda basi hadi Kiomboi kupima shinikizo la damu. Njia ya kuthibitisha ni kugawanya kwa watu waliofikiwa na chapisho badala ya wafuasi. Mwezi wa kwanza chapisho la katikati liliwafikia 410, mwezi wa tatu 430. Kiwango ni asilimia 6.6, kisha 6.7. Ukurasa haukuwa umetikisika.

Wauzaji wa bidhaa hupenda kusema kwamba asilimia 1 hadi 3 ya wafuasi inatosha. Kipimo hicho kilizaliwa kwenye kurasa za biashara. Akaunti ndogo huwa juu yake kwa kawaida, kwa sababu wafuasi wake wanamfahamu mwenyewe, na kadiri inavyokua asilimia hushuka bila kosa la mtu. Kilicho salama kwa kituo cha Iramba ni mambo matatu kwenda pamoja: kiwango cha waliofikiwa kisichoporomoka kwa miezi 3 mfululizo, wafuasi wa Singida wanaoongezeka hata kwa 15 au 20 kwa mwezi, na chapisho la huduma linalohifadhiwa na kutumwa. Asilimia ya ukuaji inayoruka ghafla ichunguzwe kama joto la mwili linalopanda ghafla: litafutwe lilikoanzia kabla ya kushangiliwa.

Na mezani pa usajili paongezwe swali moja kwa kila anayekuja kupimwa: habari za siku hii alizipata wapi. Wengi watataja mhudumu wa afya wa kijiji, au tangazo la kanisani na msikitini. Wakijitokeza 6 kwa mwezi waliotumiwa chapisho na dada zao, kamati itakuwa na namba ya kuweka kando ya gharama ya bando.