MAONI YETU: MASHINI ISAIDIE, ALAMA ATOE MWALIMU



Waalimu ni wafanyakazi kama sisi. Mwalimu mwenye insha 100, akitumia dakika 6 kwa kila moja, ana kazi ya saa 10, na nyingi ya saa hizo ni za usiku nyumbani kwake. Kwa hiyo hatumlaumu anayetumia mashini ya akili unde kuandika maelezo ya masahihisho. Lakini twataka kazi hiyo iwe na utaratibu.

Mashini ikiambiwa tu, "Sahihisha insha hii," hujitungia kipimo chake. Leo yasifu lugha, kesho yailaumu insha ile ile kwa aya fupi. Dawa yake ni mwalimu kuipa karatasi ya vipimo vyake mwenyewe, na kila daraja lielezwe kwa jambo linaloonekana. Kuandika "hoja nzuri" hakutoshi. Kwa kipimo cha hoja aandike hivi: daraja la 3, kila hoja ina mfano, la 2, baadhi zina mfano, la 1, hakuna mfano. Kisha aiamuru itaje sentensi ya mwanafunzi kwanza, ndipo itaje daraja, wala isitoe jumla ya alama.

Tuchukue mtoto aliyeandika juu ya usafiri: "Nauli imepanda sana na watu wanateseka." Pasipo vipimo, mashini yaweza kujibu, "Kazi nzuri, endelea." Kwa vipimo itainukuu sentensi hiyo, iseme haina mfano, na kumwuliza mtoto: nauli ilikuwa shilingi ngapi, na sasa ni ngapi? Hapo mtoto ajua la kurekebisha.

Kabla ya kuitegemea, mwalimu asahihishe insha 10 kwa mkono wake, kisha aipe mashini hizo hizo mara mbili, kila insha peke yake na bila jina la mtoto. Majibu ya mara mbili yakitofautiana, au yakipingana naye, mara nyingi maneno ya kipimo hayako wazi; ayaandike upya. Aangalie pia kama insha ndefu zapendelewa kwa urefu tu, na kama sentensi zilizonukuliwa zimo kweli katika insha, maana mashini huweza kubuni.

Hata ikipita jaribio hilo, alama ya mwisho si yake. Mashini kutoa jibu lile lile kila mara si haki, kwani mizani mbovu nayo hupima vilevile kila siku. Tena haimjui mtoto aliyekuwa mgonjwa muhula mzima, wala haiwezi kuitwa mbele ya mzazi ijieleze. Mwalimu aweza.

Basi twasema hivi: mwalimu asome kila insha, atie alama kwa mkono wake, na jina lake liwe chini. Na mwajiri asiifanye mashini hii kuwa sababu ya kumwongezea madarasa.