Usiniambie mauzo yamepanda, niambie kwenye kila mia umebaki na ngapi

Wafanyabiashara wenzangu, kila mwaka ukiisha naona posti za "tumefunga mwaka, mauzo yamepanda nusu nzima!" Hongera. Ila mimi naona hiyo namba peke yake haina la kukwambia. Inaweza kupanda huku biashara inakuchosha bure.

Tuchukue duka la mfano la mtandaoni, linauza magauni. Mwaka 2023 liliuza milioni 24, mwaka 2024 likauza milioni 36. Ukilinganisha mwaka na mwaka, yaani unachukua ongezeko la milioni 12 na kuligawa kwa milioni 24 za mwaka wa nyuma, unapata asilimia 50. Wahasibu wanaita uchambuzi wa mlalo, kwa sababu unasoma mstari mmoja kwa ubavu, kutoka mwaka hadi mwaka.

Wengi wanaishia hapo. Mimi nasema fanya hivyo hivyo kwa kila mstari wa daftari, sio mauzo tu. Kwenye duka letu, gharama ya magauni yaliyouzwa imetoka milioni 14.4 hadi 22.32, imepanda asilimia 55. Matangazo ya kulipia yametoka milioni 1.2 hadi 3.6. Boda wa kupeleka mizigo, kutoka milioni 1.2 hadi 3.24. Mifuko, bando na makato ya miamala, kutoka milioni 1.2 hadi 1.44. Faida ilikuwa milioni 6, sasa ni milioni 5.4. Umeona? Mauzo juu asilimia 50, faida chini asilimia 10.

Sasa nani kaila? Hapo ndipo unasoma daftari kwa wima, kutoka juu kwenda chini. Chukua kila gharama, gawa kwa mauzo ya mwaka huo huo, zidisha kwa 100. Mauzo ndiyo 100, vingine vyote ni vipande vyake:

Magauni: 60, sasa 62
Matangazo: 5, sasa 10
Boda: 5, sasa 9
Mifuko, bando na makato: 5, sasa 4
Faida: 25, sasa 15

Yaani mwaka 2023 kila shilingi 100 ya mauzo ilikuachia 25. Mwaka 2024 inakuachia 15. Kati ya zile 10 zilizopotea, matangazo yamechukua 5 na boda 4. Mzigo umeongeza 2, mifuko na wenzake wakarudisha 1. Kumbe kumlaumu muuzaji wa jumla kuwa kapandisha bei si sawa sana.

Asilimia inakuonyesha pa kuangalia, ila sababu haikupi. Sababu itafute kwenye oda. Duka letu lilipeleka oda 800 mwaka wa kwanza na 1,200 mwaka wa pili, na kwa wastani oda ilibaki shilingi 30,000. Boda ukigawa kwa oda, ilikuwa 1,500 kwa kila moja, sasa ni 2,700. Hapo muulize mwenye duka: alianza lini "usafiri bure"? Au ni mizigo ambayo mteja hapokei simu, boda anarudi nayo na nauli unalipa wewe? Kila jibu lina dawa yake.

Angalia mambo mawili yasikudanganye. La kwanza, usiandike mzigo ulionunua kana kwamba ndio uliouza. Chukua mzigo uliokuwepo Januari, ongeza ulionunua, toa uliobaki Desemba. Ukinunua sana Desemba kwa ajili ya mwakani na ukauhesabu wote, asilimia ya mzigo itaruka na utaona hasara ambayo haipo.

La pili, asilimia kubwa kwenye hela ndogo isikutishe. Mifuko ikitoka laki moja hadi laki tatu imepanda asilimia 200, sawasawa kabisa na matangazo ya hapo juu. Lakini kwenye mauzo ya milioni 36, laki tatu haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana nasema mlalo bila wima unakupeleka kupigana na mifuko huku matangazo yanakumaliza.

Mwenye duka hili akiniuliza, nitamwambia asikimbilie kuuza zaidi. Kwa mwendo wa 15 kwa mia, ili arudishe tu ile faida ya milioni 6 anahitaji mauzo ya milioni 40. Boda ikirudi kwenye 5 kwa mia, anapata milioni 1.44 zaidi kwa mauzo yale yale, na faida inafika milioni 6.84.

Haya, toa daftari lako na kalkuleta ya simu. Gharama gani inakula kipande kikubwa kuliko mwaka jana? Tuandikie hapo chini.