"Sama" si dhamana, ndugu zangu!

Haya wadau wa Vwawa na Tunduma, leo nina ugomvi na nyie mnaoagiza magari Japani.

Kijiweni kila mtu anajisifu: "Mjapani ananiheshimu, kaniandikia Simbeye-sama!" Kesho yake huyo, benki kutuma pesa. Jamani! "Sama" hupewa mteja yeyote, hata aliyeuliza bei tu. Haina uzito kuliko "karibu bosi" ya wapiga debe wa stendi.

"San" ni ya kawaida zaidi, kama Bwana au Bibi kwetu, ila haitenganishi mwanamume na mwanamke. Ukiandikiwa na Tanaka ukamjibu "Mr. Tanaka", huenda huyo ni mama wa watu. Andika "Tanaka-san", umemaliza.

Kinachoniudhi zaidi ni mtu kumalizia barua pepe yake kwa "Simbeye-san". San unampa mwenzio, hujipi mwenyewe. Ni kama kujitambulisha, "Mimi ni Mheshimiwa Mimi". Andika jina lako tupu.

Tapeli naye anajua kuchapa "sama", haimgharimu kitu. Basi acheni kusoma salamu, someni ankara. Jina la mwenye akaunti ni la kampuni ile ile inayouza gari, au la mtu binafsi? Benki iko Japani, au nchi nyingine kabisa? Majina yakipishana, usitume hata senti, hata ukiitwa mfalme.

Nani anabisha? Aje na hoja.