Ajira Nzuri Hutangazwa: Jibu kwa Mwandishi

Mwandishi ninayemjibu hapa amewaambia vijana wetu wa Chiwata kwamba kazi nzuri hazitangazwi kamwe, kwa hiyo watafute mtu wa kuwashika mkono. Ushauri huo unawaumiza.

Je, kazi za serikali nazo hufichwa? Hapana. Sekretarieti ya Ajira hutangaza nafasi, na maombi hupokelewa kwenye portal.ajira.go.tz. Nafasi za mtendaji wa kijiji hutangazwa na halmashauri zenyewe, zikishapata kibali.

Mbona basi jirani amepangiwa kituo bila tangazo kuonekana? Hapa ndipo uvumi unapozaliwa. Waliofaulu usaili wakakosa nafasi kwa sababu zilikuwa chache huhifadhiwa kwenye kanzidata. Nafasi ya kada hiyo ikipatikana baadaye, huitwa kutoka humo. Tangazo lilikuwepo, ila lilipita miezi mingi nyuma.

Na anayeomba asiitwe kabisa? Aangalie viambatisho kwanza. Mhitimu mwenye sifa zote akipakia hati ya matokeo ya muda badala ya cheti chenyewe, au barua ya maombi isiyo na saini, huachwa kabla ya usaili. Nyumbani ataambiwa alikosa mjomba.

Nakubali jambo moja: vibarua wa maghala ya korosho huitana kwa mdomo. Lakini hizo ni kazi za msimu, wala sizo alizozisema mwandishi.

Kijana, fungua akaunti yako kwenye portal.ajira.go.tz leo, thibitisha vyeti kwa wakili, na usimpe mtu hela akutafutie nafasi.